Kusoma mraba wa Lo Shu kwa wachumba wawili: namba zinazokosekana, namba zinazorudiwa, na zile zinazoletwa na kalenda tu

Hapa Bukavu, kabla ya familia mbili kukaa pamoja kuzungumzia mahari, wachumba wengi siku hizi huwa wamekwisha kupima tarehe zao za kuzaliwa kwenye simu. Kipimo kinachopendwa zaidi ni mraba wa Lo Shu, wenye visanduku tisa ambamo tarakimu za tarehe hupangwa, na swali linaloletwa kwangu ni lile lile kila mara: namba anazokosa mmoja, je, mwenzake anazo? Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata jibu kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, na jinsi ya kutambua ni sehemu gani ya jibu hilo inawahusu wachumba wenyewe na ni sehemu gani imeletwa na mwaka waliozaliwa. Nitatumia mfano wa kijana wa Kadutu aliyezaliwa tarehe 14/06/1993 na binti wa Bagira aliyezaliwa tarehe 28/02/1997.

Hatua ya kwanza: hakikisha tarehe kabla ya kugusa kalamu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mraba hauna kitu kingine cha kusoma isipokuwa tarakimu za tarehe, kwa hiyo tarakimu moja ikibadilika, mapengo nayo yanabadilika. Kwetu huku, tarehe ya mtu huweza kuwa mbili au hata tatu: ile ya karte ya ubatizo, ile ya karte ya mpiga kura, na ile anayoikumbuka mama. Mtu ambaye siku yake haikujulikana alipoandikishwa mara nyingi huandikiwa tarehe mosi Januari, kwa sababu mwandishi alihitaji kujaza nafasi.

Binti wa mfano wetu ana karte ya mpiga kura inayosema 01/01/1997. Nilipomwambia kwamba tarehe hiyo inanitia shaka, alimpigia simu mama yake mbele yangu. Mama alicheka, akasema: «Mtoto wangu, wewe ulizaliwa mwisho wa Februari, mwezi ulikuwa umebaki saa chache tu kuisha.» Karte ya ubatizo ilipotafutwa, ilikuwa na 28/02/1997. Jambo hilo halishangazi mtu anayekumbuka hali ya mji wakati ule: Bukavu ilikuwa imeingia mikononi mwa waasi wa AFDL mwishoni mwa Oktoba 1996, na katika miezi iliyofuata watu wengi walikuwa na mambo ya haraka kuliko kuandikisha watoto.

Kwa hiyo uliza mambo mawili. Kwanza, tarehe hii imetoka kwenye karatasi gani? Pili, yupo mtu aliyekuwapo siku ile anayeweza kuithibitisha, hata kwa kumbukumbu ya sikukuu au ya siku ya soko? Ukikuta 01/01, au tarehe 15 ya mwezi kwa mtu asiyejua siku yake, usijaze mraba kwanza. Andika tarehe kwa mpangilio wetu wa siku, mwezi na mwaka kamili wenye tarakimu nne, kisha uendelee.

Hatua ya pili: chora mraba wenyewe, usichore mwingine

Lo Shu ni mraba wa kale wa Kichina wenye visanduku tisa. Hekaya inasema kwamba kobe alitoka katika mto Luo, unaomwaga maji yake katika Mto Njano, akiwa na nukta mgongoni zilizopangwa hivi, na mfalme Yu akaziona. Mpangilio ni huu:

```
4  9  2
3  5  7
8  1  6
```

Kuna njia rahisi ya kujua kwamba hukukosea: jumlisha mstari wowote, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, na jibu litakuwa 15 kila mara. Kipimo hiki kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kwenye simu huzunguka miraba mingine inayoitwa kwa jina hilo hilo. Upo wenye 3, 6, 9 juu, 2, 5, 8 katikati na 1, 4, 7 chini, ambao ni wa mapokeo mengine ya namba, na mstari wake wa juu peke yake unatoa 18. Mtu akisoma mistari ya mraba huo kwa maana za Lo Shu, atakuwa anasoma ramani ya Lubumbashi huku akitembea Bukavu.

Kwa jadi ya wasomaji, kila kisanduku kina maana yake. Nitataja zile zitakazohitajika: 1 ni kujieleza kwa maneno, 2 ni hisia na kumsoma mwenzako bila kuambiwa, 3 ni fikra na ubunifu, 4 ni utaratibu, 5 ni mizani ya moyo, 6 ni nyumba na familia, 7 ni mafunzo yanayopatikana kwa kupoteza, 8 ni hesabu na mali, 9 ni ndoto kubwa. Mistari nayo ina majina: wa juu ni wa akili, wa katikati ni wa moyo, wa chini ni wa kazi za mikono na riziki. Hizi ni maana za mapokeo tu. Hakuna kipimo cha kisayansi kilichoonyesha kwamba tarakimu ya siku ya kuzaliwa inajenga tabia ya mtu, na msomaji mwaminifu huwaambia wachumba hivyo kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: jaza kila mraba peke yake

Chukua kila tarakimu ya tarehe, uiandike katika kisanduku chake, na ikirudi, iandike tena pembeni ya ile ya kwanza. Sifuri huachwa, kwa kuwa haina nyumba katika mraba.

Kijana ana 1, 4, 6, 1, 9, 9, 3. Mraba wake ni huu:

```
4   99  -
3   -   -
-   11  6
```

Anakosa 2, 5, 7 na 8. Anarudia 1 na 9.

Binti ana 2, 8, 2, 1, 9, 9, 7. Mraba wake ni huu:

```
-   99  22
-   -   7
8   1   -
```

Anakosa 3, 4, 5 na 6. Anarudia 2 na 9.

Hapa ndipo wasomaji wanapoachana njia, na ni lazima uamue mapema utafuata ipi. Wengine huishia kwenye tarehe tupu. Wengine, hasa wanaofuata mtindo ulioenea kutoka India, huongeza namba mbili: namba ya siku, yaani tarakimu za siku zikijumlishwa hadi ibaki moja, na namba ya jumla, yaani tarakimu zote za tarehe zikijumlishwa vivyo hivyo. Kwa kijana, 14 inatoa 5, na tarehe nzima inatoa 33, yaani 6. Kwa binti, 28 inatoa 10, yaani 1, na tarehe nzima inatoa 38, kisha 11, kisha 2. Wale wanaoongeza namba ya siku huwa hawaiongezi kwa aliyezaliwa siku yenye tarakimu moja, kama tarehe 5, kwa sababu ingehesabiwa mara mbili.

Wengine tena huongeza namba ya tatu iitwayo Kua, inayotokana na mwaka na jinsia. Tarakimu za mwaka hujumlishwa hadi ibaki moja. Kwa mwanamume jibu hutolewa katika 11, na kwa mwanamke huongezwa 4. Mwaka 1993 unatoa 4, basi Kua ya kijana ni 7. Mwaka 1997 unatoa 8, na 8 ukiongeza 4 ni 12, basi Kua ya binti ni 3.

Tazama kinachotokea ukiongeza zote tatu: kijana anabaki akikosa 2 na 8 tu, na binti anabaki akikosa 4, 5 na 6. Mapengo manane yamekuwa matano, na hakuna mtu aliyebadilika hata kidogo. Ndiyo maana wachumba wawili hupewa majibu mawili tofauti na wasomaji wawili, kisha hudhani kwamba mmoja wao ni mwongo. Mimi huanza na tarehe tupu kwa wote wawili, na namba za kuongeza huziandika pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, ili ionekane wazi pengo gani limezibwa na hesabu. Lisilokubalika ni kumwongezea mmoja na kumwacha mwingine, au kuongeza baada ya kuona jibu la kwanza halikupendeza.

Hatua ya nne: ondoa kile ambacho kalenda imewapa wote

Mraba ni wa Kichina, lakini tarehe tunayoiweka ndani yake ni ya kalenda ya Gregori, iliyoanza kutumika mwaka 1582. Kwa hiyo kila mtu aliyezaliwa kati ya 1900 na 1999 ana 1 na 9, apende asipende, na kila aliyezaliwa kati ya 1990 na 1999 ana angalau 9 mbili. Wanafunzi wote wa darasa moja, mapacha na maadui wa mtaa mmoja, wote wanazo.

Sasa fikiria wachumba wanaoambiwa: «Nyote mnarudia 9, nyote ni watu wa ndoto kubwa, lakini pia nyote ni wakosoaji, basi mtagongana.» Maneno hayo yangemfaa kila mtu wa umri wao kuanzia Uvira hadi Kolwezi. Hayana habari yoyote kuhusu wawili hawa. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha, chora duara kuzunguka 1 ya karne na 9 zote mbili, na usizisome. Kwa kijana wetu zinabaki 1, 4, 6 na 3. Kwa binti zinabaki 2, 8, 2 na 7.

Kwa wale waliozaliwa kuanzia mwaka 2000, zawadi ya kalenda ni 2, pamoja na sifuri zinazoacha visanduku vitupu. Mtu aliyezaliwa tarehe 10/01/2003 ana 1, 1, 2 na 3 tu, na mraba wake unaonekana kama nyumba iliyohamwa. Wasomaji wengi humtisha mtu kama huyo bure. Hatari ya pili hutokea pale mchumba mmoja ni wa 1998 na mwingine wa 2003: mmoja analeta 9 kwa lazima, mwingine analeta 2 kwa lazima, na msomaji anatangaza kwamba wanajazana kwa ajabu. Wamejazana kwa sababu karne imegeuka katikati yao.

Nenda mbele kidogo zaidi, uulize kila pengo ni la kawaida kiasi gani. Chukua 5. Katika miaka 1990 hadi 1999, ni mwaka mmoja tu kati ya kumi wenye 5. Katika miezi kumi na miwili, ni Mei tu. Katika siku za mwezi, ni tarehe 5, 15 na 25. Sehemu tisa ya kumi, mara sehemu kumi na moja ya kumi na mbili, mara takriban sehemu tisa ya kumi, inatoa karibu 0.74. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wa muongo huo, karibu 74 wanakosa 5 katika tarehe tupu. Ukichukua wawili bila kuchagua, kuna nafasi ya karibu 55 kwa 100 kwamba wote wawili wanaikosa. Hesabu ni ile ile kwa 7.

Namba 2 iko tofauti, kwa sababu inaonekana katika siku kumi na mbili za mwezi wa kawaida na katika miezi miwili, yaani Februari na Desemba. Wanaoikosa ni chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo mtu akikosa 2, pengo lake lina uzito zaidi kidogo kuliko pengo la 5, na mtu akiwa na 2 mbili bila msaada wa karne, hiyo nayo inastahili kuandikwa. Hesabu hii haithibitishi maana za namba. Inakuonyesha tu ni mahali gani pasipostahili kelele.

Hatua ya tano: linganisha kwa orodha tatu

Gawa karatasi katika sehemu tatu. Ya kwanza ni ya namba ambazo mmoja anazo na mwingine anazikosa. Ya pili ni ya namba ambazo wote wanazikosa. Ya tatu ni ya namba ambazo mmoja au wote wanazirudia, zikiwa zimeondolewa za kalenda.

Katika orodha ya kwanza, kijana analeta 3, 4 na 6, ambazo binti anazikosa, na binti analeta 2, 7 na 8, ambazo kijana anazikosa. Hakuna hata namba moja iliyogongana. Ukiweka miraba miwili pamoja, mistari minne ya pembezoni yote inajaa: 4, 9 na 2 juu, 8, 1 na 6 chini, 4, 3 na 8 kushoto, 2, 7 na 6 kulia. Wala hakuna mmoja wao aliyekuwa na hata mstari mmoja kati ya hiyo minne akiwa peke yake. Nakiri kwamba nilipouona mraba huu wa pamoja kwa mara ya kwanza niliutazama kwa muda mrefu, kwa sababu ni nadra kukuta miraba miwili inayofungamana hivi.

Katika orodha ya pili kuna 5 peke yake, na kwa kuwa 5 iko katikati, mistari minne yote inayopita hapo imekatika, ukiwamo ule wa moyo, ambamo kijana ana 3 na binti ana 7 lakini hakuna kinachowaunganisha. Msomaji wa kutisha angeishia hapa na kusema: nyumba yenu ina kuta nne lakini haina nguzo ya kati. Picha ni nzuri sana kwa masikio, lakini umekwisha kuona kwamba zaidi ya nusu ya wachumba wa umri wao wana «nguzo» hiyo hiyo iliyokosekana. Tena, kwa wale wanaoongeza namba ya siku, kijana anapata 5 kutoka kwenye 14 yake, na pengo linazibika. Jambo la kawaida namna hii, tena linalotoweka kwa kubadilisha kanuni tu, lisivunje posa ya mtu.

Orodha ya tatu ndiyo yenye kitu cha kuzungumzia. Kijana anarudia 1, lakini moja kati ya hizo ni ya karne, kwa hiyo tunaiacha. Binti anarudia 2 kwa haki yake mwenyewe, na ukiongeza namba yake ya jumla inakuwa tatu. Kwa mapokeo, 2 moja ni wepesi wa kuhisi, mbili ni mtu anayemsoma mwenzake kabla hajafungua mdomo, na tatu ni mtu anayeumia kwa jambo ambalo mwenzake hakujua hata kwamba limetokea. Mbele yake yuko kijana asiye na 2 kabisa. Hivyo, kati ya yote tuliyoyaona, ulinganisho unaofaa kupelekwa mezani ni huu: rudufu ya mmoja imesimama mbele ya pengo la mwenzake katika kisanduku kile kile. Wachumba wanaojazana katika orodha ya kwanza hushangilia, wasione kwamba 2 hiyo hiyo waliyoihesabu kama zawadi inaweza kuwa ndiyo mzigo.

Hatua ya sita: geuza namba kuwa swali, kabla ya kuonyesha karatasi

Usiwaonyeshe mraba kwanza. Mpe kila mmoja karatasi yake, aandike mambo mawili: jambo moja ambalo mwenzake hulitambua bila kuambiwa, na jambo moja ambalo ilimbidi amwambie mara tatu. Waandike bila kutazamana. Ukionyesha mraba kabla, watajibu kwa kuufuata mraba, na hutajua tena kipi ni chao.

Kijana wetu hununua bidhaa Goma na kuziuza soko la Kadutu, kwa hiyo hupanda boti ziwani mara mbili au tatu kwa mwezi. Binti aliandika kwamba amemwomba mara nyingi ampigie simu anapofika bandarini Goma, naye hapigi, huanza moja kwa moja kutafuta mzigo. Kijana, kwa upande wake, aliandika kwamba binti hujua ana madeni kabla hajasema, kwa kutazama tu jinsi anavyokula. Hayo yanakaa vizuri juu ya 2 mbili mbele ya pengo. Sikuwaambia kwamba namba ndiyo iliyosababisha. Niliwaambia kwamba namba imetusaidia kuchagua swali.

Lakini angalia 8. Kwa mujibu wa mraba, kijana anakosa 8, basi angekuwa mzembe wa hesabu, na binti ndiye angeshika fedha. Nilipouliza nani anaandika matumizi, kijana alitoa mfukoni daftari lenye safu mbili, moja ya dola na moja ya faranga za Kongo, na deni la kila mteja likiwa limeandikwa pamoja na kiwango cha siku hiyo. Binti alikiri kwamba hajui fedha yake ya wiki huenda wapi. Mraba ulikosea pande zote mbili. Katika hali kama hiyo, usitafute namba nyingine ya kuokoa usomaji, usiseme kwamba 4 ya kijana imefanya kazi ya 8 au kwamba 8 ya binti bado imelala. Piga mstari juu ya 8 kwenye karatasi yao, uandike pembeni: daftari liko kwa kijana.

Kuna lugha pia ya kuchunga. Nimewasikia wachumba waliokwisha kusomewa wakigombana kwa namba: «Wewe huna 2, ndiyo maana huna huruma.» Neno «huna» likiingia, pengo la karatasi linakuwa tusi. Wafundishe kusema kile wanachokitaka: nipigie ukifika.

Unavyoweza kujua kwamba unajidanganya

Kipimo kizuri nilikipata kwa kosa langu mwenyewe. Siku moja niliwasomea wachumba wawili mraba wa pamoja, wakaitikia kwa kichwa kila sentensi, mama mkwe akatoa hadi mifano ya kuthibitisha. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba nilikuwa nimeandika mwezi wa mwanamume kimakosa, 03 badala ya 08. Pengo nililolieleza kwa dakika kumi halikuwapo kabisa.

Tangu hapo, kwa kila wachumba, huandaa mraba wa pili kutoka tarehe ya uongo, huuandika kwa usafi ule ule, na huwapa yote miwili bila majina, wachague upi unawahusu. Kwa wachumba wetu mraba wa uongo ulikuwa tayari, kwa maana karte ya mpiga kura ya binti ilikuwa imenitengenezea: 01/01/1997 inatoa 1 tatu, 9 mbili na 7 moja, na ukiuweka pamoja na wa kijana, wote wawili wanakosa 2, 5 na 8. Mistari ya juu, ya chini na ya pembeni zote mbili inakatika. Tarehe moja inatoa wachumba wanaofungamana kama kikapu, nyingine inatoa wachumba wenye matundu kila upande, na binti ni yule yule.

Niliwapa karatasi mbili. Kijana alichagua ile ya kweli. Binti alichagua ile ya 01/01, akisema kwamba 1 tatu ndizo yeye hasa, kwa sababu anapenda kuongea.

Kuhusu kuziba pengo, na kuhusu kipimo ambacho mraba haukigusi

Wapo wanaouza bangili za manjano au mawe kwa ajili ya 5 inayokosekana, na wapo wanaomshauri mtu abadilishe namba ya simu ili ipate 5 ndani yake. Namba mpya ya simu itakugharimu wateja waliozoea ile ya zamani, na bangili itakugharimu bei yake. Pengo ambalo karibu watu watatu kati ya wanne wa muongo huo wanalo halihitaji dawa ya kununua.

Wachumba wakikuuliza kama mraba unatosha kuamua ndoa, waulize kama wamepima damu kwa ajili ya sikoseli. Wazazi wawili waliobeba sikoseli bila kuugua wana nafasi ya moja kwa nne, katika kila mimba, ya kupata mtoto mwenye ugonjwa huo, na kipimo chake hufanywa maabara kwa damu. Hakuna kisanduku katika Lo Shu kinachokionyesha.

Kijana na binti walibeba karatasi yao, 8 ikiwa imepigwa mstari. Walichokubaliana ni kimoja: boti ikifunga Goma, kijana apige simu kabla ya kushuka, hata kama ni kwa kubipu tu, na binti asipopata kubipu hadi saa kumi na mbili jioni, apige yeye, badala ya kukaa akihesabu ukimya.